Bei Ikipanda, Ni Yetu Peke Yetu au Ni ya Wote?

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wawakilishi wa wafanyakazi wa mashamba ya chai ya Kericho na Bomet. Tunayachapisha hapa kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika.)



Katika mikutano yetu swali moja hurudi kila mara. Watu husema: kazi ni haba, fedha ni haba, kwa nini basi Serikali isitoe fedha nyingi zaidi, biashara ichangamke, viwanda vifanye kazi zamu mbili, na vijana wetu waandikwe kazi? Swali hili si la kipumbavu. Limewasumbua wataalamu wa uchumi miaka mingi, na yafaa tulijibu kwa makini, maana jibu lake lagusa mishahara yetu moja kwa moja.

Jibu tunalotaka kulieleza leo lilitolewa na Mmarekani mmoja, Robert Lucas, katika maandiko yake ya mwaka 1972 na 1973. Mwaka 1995 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi. Kwa kifupi asema hivi: fedha nyingi huweza kuongeza kazi na mazao, lakini pale tu ambapo watu hawakuitazamia, na kwa muda mfupi tu, mpaka watakapotambua kilichotokea. Fedha ambayo kila mtu anajua kwamba inakuja haizidishi hata kilo moja ya majani. Yaongeza bei tu.

Tuanze na mambo tunayoyaona kwa macho yetu. Mtu hujua sana bei ya kitu anachokiuza. Mchumaji ajua malipo ya kilo moja ya majani mabichi, kwa kuwa jioni karani wa mizani huandika kilo zake. Mwenye shamba dogo kule Bomet ajua malipo yake ya mwezi, na hungojea bonasi ya mwisho wa mwaka kama mtu angojeaye mvua. Lakini bei za vitu vyote vingine, yaani unga, mafuta ya taa, sabuni, karo, nauli ya kwenda kwao, hizo huzijua vipande vipande. Leo anunua unga, wiki ijayo sabuni, Januari alipa karo. Kwa hiyo bei yake mwenyewe huifahamu mapema, na bei za wote huzifahamu kwa kuchelewa.

Katika tofauti hiyo ndimo kosa linapozaliwa. Bei ya kitu chako ikipanda, kuna sababu mbili zinazowezekana. Ya kwanza, huenda watu wanakitaka kitu chako zaidi kuliko vitu vingine. Hapo umebahatika kweli, na kila saa ya kazi yako itanunua vitu vingi kuliko jana. Ya pili, huenda fedha imezidi katika nchi nzima na bei zote zinapanda pamoja. Hapo hukupata kitu. Shilingi zako zimeongezeka, na bei za dukani zimeongezeka vilevile. Siku ya kwanza sababu hizi mbili zafanana kama majani ya mche mmoja. Mtu aona namba moja tu, yaani bei yake imepanda, naye lazima akisie ni ipi.

Lucas alieleza jambo hili kwa mfano wa visiwa. Kila mtu yuko katika soko lake dogo, aona bei ya pale alipo, lakini haoni mara moja za visiwa vingine. Sisi hatuna visiwa, lakini tunavyo vilima. Mtu wa Litein haoni mara moja mambo ya Sotik, wala wa Sotik haoni ya Nairobi.

Sasa tuweke mfano. Tuchukue mkulima mdogo wa Bomet mwenye ekari moja ya chai, ambaye huwaajiri wachumaji watatu. Kwa desturi yake huzunguka shamba lote kila siku kumi au zaidi. Majani mengine hukomaa kabla hayajafikiwa, na hayo hayakubaliwi kituoni, kwa kuwa kiwanda kinataka majani mawili na chipukizi. Siku moja malipo ya kilo yapanda kwa asilimia 10 kuliko alivyotazamia. Akiamini kwamba chai ndiyo iliyopata bei, atafanya nini? Ataongeza wachumaji wawili. Atazunguka shamba kila siku saba, ili majani yaliyokuwa yakiachwa kukomaa yachumwe yakiwa machanga. Atapalilia mapema na kununua mbolea. Kilo zinazofika kiwandani zaongezeka, na watu wawili zaidi wamepata kazi. Mazao haya ni ya kweli, ingawa yametokana na kosa.

Kisha aenda dukani. Mbolea imepanda kwa asilimia 10. Unga umepanda vivyo hivyo. Wachumaji wake, ambao wao pia wameona bei ya unga, wataka nyongeza. Mwisho wa msimu apiga hesabu, aona kwamba kilo moja ya majani yanunua unga uleule iliounua mwaka jana. Awaachisha kazi wale wawili na kurudi kwenye mzunguko wake wa siku kumi. Bei zimebaki juu, lakini kazi imerudi palepale ilipokuwa. Ndiyo maana tunasema faida ya fedha isiyotazamiwa ni ya muda. Kosa haliwezi kudumu, kwa sababu duka hulirekebisha.

Na kama mkulima yuleyule angalikuwa amesikia mapema kwamba fedha itaongezwa na bei zote zitapanda kwa asilimia 10? Siku malipo yake yanapopanda kwa asilimia 10 asingeshtuka. Angesema, haya ndiyo niliyoyatazamia. Asingeongeza mchumaji hata mmoja. Fedha ni ileile na bei ni ileile, lakini hakuna kazi iliyozaliwa hata siku moja.

Hapa kuna jambo la pili, ambalo huenda ni kubwa kuliko la kwanza. Mtu hakisii ovyo. Hukisia kwa yale aliyoyaona maishani mwake. Tuseme yuko katika nchi ambayo fedha yake ni tulivu. Bei ya chai huyumba sana kwa sababu ya mvua na masoko, lakini bei za wote huyumba kidogo. Tuseme tukipima kuyumba huko kama watakwimu wanavyopima, chai ina uzito wa 9 na bei za wote zina uzito wa 1. Katika kila sehemu 10, basi, sehemu 9 ni za chai yenyewe. Bei ikipanda kwa asilimia 10 bila kutazamiwa, mtu mwenye akili atakisia kwamba asilimia 9 ni bahati yake kweli na asilimia 1 tu ni ya wote. Ataitika kwa nguvu.

Sasa Serikali ya nchi hiyo yaanza tabia ya kumwaga fedha na kuizuia, kumwaga na kuizuia. Kuyumba kwa bei za wote kwapanda mpaka uzito wa 27, na chai yabaki na uzito wake wa 9. Jumla ni 36, na 9 katika 36 ni robo. Bei ya chai ikipanda tena kwa asilimia 10, mkulima yuleyule atakisia kwamba asilimia 2 na nusu tu ni yake. Ataongeza labda siku chache za kibarua. Kwa hiyo kadiri Serikali inavyotumia dawa hii ndivyo dawa inavyopoteza nguvu. Mwaka 1973 Lucas alilinganisha nchi 18 na kuona ishara ya jambo hilohilo. Katika nchi ambazo fedha iliyumba sana, kama Argentina, kuongezeka kwa matumizi kulipandisha bei karibu peke yake. Katika nchi tulivu zaidi, sehemu fulani ilikwenda kwenye mazao.

Na hasara haiishii hapo. Mkulima wa nchi inayoyumba hukosea upande wa pili pia. Siku chai inapopata bei ya kweli, haamini. Adhani ni fedha tu, na aacha majani yakomae.

Sasa tuje nyumbani Kenya. Sisi tuna mwaka wetu wa kujifunzia, nao ni 1992. Mwaka huo ulikuwa na uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi, uliofanyika tarehe 29 Desemba. Ndio mwaka ambao Bomet ilifanywa wilaya mbali na Kericho. Wafadhili wa nje walikuwa wamesimamisha misaada tangu Novemba 1991. Fedha zilimwagwa nchini kwa njia nyingi, na mojawapo ni malipo ya kashfa ya Goldenberg, ambapo hazina ililipa fidia kwa mauzo ya dhahabu na almasi ambayo hayakuwako. Noti za shilingi 500 zilienea hata wananchi wakazipa jina la mwanasiasa mmoja kijana wa kampeni ile.

Matokeo yake? Kwa wastani wa mwaka, bei zilipanda kwa asilimia 27 hivi mwaka 1992, na kwa asilimia 46 mwaka 1993. Na je, kazi na mazao yaliongezeka? Mapato ya nchi kwa jumla yalipungua kidogo mwaka 1992, na mwaka 1993 hayakukua hata kwa asilimia 1. Hapa tuseme kwa uaminifu: kulikuwa na ukame, misaada ilikuwa imekatwa, na mapigano ya Bonde la Ufa yaliwafukuza watu mashambani mwao. Haifai kuitupia fedha peke yake lawama yote. Lakini kama fedha nyingi ingetosha kuzaa kazi, tungaliona angalau dalili yake mwaka ule. Hatukuiona. Watu hawakudanganyika kwa muda mrefu. Walioona noti zikigawanywa mchana walipandisha bei jioni.

Kwetu sisi watu wa chai kulikuwa na fumbo kubwa zaidi, na twaomba ndugu mfuate hesabu hii pole pole. Chai yetu huuzwa katika mnada wa Mombasa, na tangu 1992 mnada huo hufanywa kwa dola. Kwa wastani, dola moja ilikuwa shilingi 32.2 mwaka 1992, ikawa shilingi 58 mwaka 1993. Tuchukue kwamba bei ya chai kwa dola haikubadilika, ili tuone kazi ya shilingi peke yake. Chai iliyoleta shilingi 100 mwaka 1992 ingeleta shilingi 180 mwaka 1993. Mtu akiona 80 juu ya 100, nani asingefurahi?

Lakini vitu vilivyonunuliwa kwa shilingi 100 mwaka 1992 vilitaka shilingi 146 mwaka 1993. Gawanya 180 kwa 146, utapata kwamba nguvu halisi ya ile 100 imekuwa 123 tu. Kwa hiyo katika zile shilingi 80 za nyongeza, sehemu kubwa ilikuwa bei ya wote, na sehemu ndogo ilikuwa bahati ya chai. Bahati ilikuwako, lakini haikuwa 80.

Endeleeni mpaka 1994. Dola ilishuka kidogo, ikawa shilingi 56 kwa wastani. Bei za dukani hazikushuka, bali zilipanda tena kwa asilimia 29 hivi. Chai ileile sasa yaleta shilingi 174, lakini kapu la vitu lataka shilingi 188. Nguvu halisi ya ile 100 ni 93. Angalieni basi: 100, kisha 123, kisha 93. Mtu aliyeona shilingi 180 mwaka 1993 akang'oa mahindi na kupanda miche ya chai alijua kwamba mche huchukua kama miaka mitatu kabla ya kuchumwa vizuri. Kabla mche wake haujatoa jani la kwanza la maana, bahati ile ilikuwa imekwisha. Hiyo ndiyo hasara ya kusoma bei vibaya. Mchumaji wa ziada huachishwa kwa siku moja, lakini shamba la mahindi lililong'olewa halirudi kwa siku moja.

Sasa tuitazame nadharia hii kwa jicho la mtu wa mshahara, kwa maana hapa sisi tuna neno la kuongeza. Katika maelezo ya Lucas kila mtu yuko huru kubadili bei yake pindi atambuapo kosa. Mkulima hurekebisha msimu huu, mwenye duka hurekebisha leo jioni. Lakini sisi tumefunga mapatano ya mishahara, na desturi ya mashamba yetu ni mapatano ya miaka miwili. Sisi twaweza kutambua kosa mwezi wa pili na tukafungwa nalo mpaka mwezi wa ishirini na nne.

Pigeni hesabu. Mshahara wa shilingi 100 uliowekwa mwaka 1992, kama haukuguswa, mwaka 1993 ulinunua vitu vya shilingi 68 tu. Mwaka 1994 ulinunua vitu vya shilingi 53. Na wakati ule kulikuwa na miongozo ya mishahara iliyoizuia Mahakama ya Viwanda kuwapa wafanyakazi fidia nzima ya kupanda kwa bei. Miongozo hiyo ililegezwa mwaka 1994. Mei 1993 COTU iliitisha mgomo wa taifa kudai nyongeza. Sasa tunaelewa sababu. Watu walikuwa wamekwisha kutambua bei, lakini malipo yao yalikuwa hayajaruhusiwa kutambua.

Mtaalamu mwingine, Stanley Fischer, aliandika juu ya jambo hilihili mwaka 1977. Alionyesha kwamba mapatano yakiwa ya muda mrefu, hata fedha ambayo watu wanaitazamia yaweza kuongeza kazi kwa muda, kwa kuwa mshahara umesimama na bei yaenda. Mwajiri aona kazi imekuwa rahisi, huandika watu zaidi. Lakini angalieni kazi hiyo inalipwa na nani. Inalipwa na yule aliyekwisha kuandikwa, kwa kupunguziwa unga bila kuambiwa.

Nadharia ya Lucas, kwa hiyo, ina mipaka yake, na haifai kuificha. Mwaka 1977 Robert Barro alipima takwimu za Marekani na kuona kwamba fedha isiyotazamiwa ndiyo iliyogusa ajira. Mwaka 1982 Frederic Mishkin alipima tena kwa njia nyingine, akaona kwamba fedha iliyotazamiwa nayo ilikuwa na nguvu. Wengine waliuliza swali jepesi: ikiwa takwimu za bei na za fedha hutangazwa, kosa la mtu laweza kudumu miaka mingapi? Sisi twaona swali hilo ni la haki. Kosa la kusoma bei laweza kueleza miezi michache ya shughuli nyingi. Haliwezi kueleza miaka mingi ya neema wala ya dhiki.

Kuanzia 1993 mambo yalibadilika. Benki Kuu ilivuta fedha kwa kuuza hati za Hazina kwa riba iliyozidi asilimia 70, na mwaka 1995 bei zilipanda chini ya asilimia 2. Siku hizi Benki Kuu ina shabaha inayotangazwa ya asilimia 5, na nafasi ya asilimia 2 na nusu juu au chini. Shirika la takwimu la taifa hutangaza kupanda kwa bei kila mwisho wa mwezi. Kwa hiyo kisingizio cha kutojua kimepungua, kwa Serikali na kwetu pia.

Tumalize kwa kazi tunayowaachia. Mwajiri akija mezani na nyongeza ya asilimia 8, msiitazame 8 peke yake. Ulizeni kwanza: katika mwaka uliopita bei za wote zimepanda kwa asilimia ngapi kwa takwimu zilizotangazwa? Kama ni 8, hamkuongezwa kitu. Ulizeni pili: katika muda wa mapatano haya, bei zinatazamiwa kupanda kwa kiasi gani? Mapatano ya miaka miwili yaliyopimwa kwa bei ya jana ni mapatano ya hasara. Na ulizeni tatu: zikipanda kuliko tulivyotazamia, ni ibara gani ya mapatano inayotufungulia mlango wa kurudi mezani kabla ya miezi ishirini na minne? Hilo la tatu ndilo lenye uzito, kwa kuwa jambo lisilotazamiwa haliwezi kuhesabiwa mapema, lakini laweza kuandaliwa mlango.

Na mtu akisimama mkutanoni aseme fedha nyingi italeta kazi nyingi, msimzomee. Mwulizeni kwa upole: fedha hiyo, watu wameitazamia au hawakuitazamia? Na kazi hiyo ikishakwisha, bei zitakazobaki juu zitalipwa na mshahara wa nani?